Mzazi wa Siku 33, na Leo Ni Siku Yake ya Kuzaliwa: Tumwambie Nini?

 

Leo tunazungumzia jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, lakini kila mara likifika tunaona watu wanavyohangaika nalo. Shoga yako, wifi yako au mdogo wako amejifungua wiki chache zilizopita. Bado hajatoka arobaini. Akika imeshapita, wageni wa mwanzo wameshapungua, na sasa imefika siku yake mwenyewe ya kuzaliwa. Unashika simu unataka kumwandikia, na kila linalokuja kichwani ni lile lile la kila mwaka, au ni la mtoto tu. Yeye mwenyewe kama hayumo.

Wako miongoni mwetu wasiosherehekea siku ya kuzaliwa, na hilo tunaliheshimu. Hatusemi keki wala mishumaa. Tunasema neno jema na dua kwa mwanamke aliyetimiza mwaka mwengine wa umri wake akiwa katika hali ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameitaja katika Suratu Luqman, pale anapozungumzia udhaifu wa mama unaoongezeka juu ya udhaifu mwengine. Kumwombea mtu wa namna hiyo hakuna ugomvi.

Sasa tuanze na kitu ambacho wengi hawakihesabu, kwa sababu huwezi kuuheshimu uchovu usioujua. Mtoto mchanga hunyonya mara nane mpaka mara kumi na mbili kwa siku moja, usiku na mchana. Tuseme huyu wetu ananyonya kila baada ya saa mbili na nusu. Saa hizo zinahesabiwa toka anapoanza kunyonya, si toka anapomaliza. Akinyonya nusu saa, akacheulishwa dakika kumi, akabadilishwa nepi na kubembelezwa dakika nyengine kumi, mama amebakiwa na saa moja na dakika arubaini. Na hapo ni kama yeye mwenyewe atashikwa na usingizi pale pale anapoweka kichwa, jambo ambalo halitokei, maana kila mtoto akikoroma mama anafumbua macho kumtazama. Kwa hivyo hata akikaa kitandani saa kumi, hapati usingizi mmoja uliofika saa mbili. Zidisha hilo kwa siku 33. Huo ndio uchovu tunaouzungumzia. Hauondoki kwa kulala mchana mmoja, na wala si ule wa mtu aliyetoka kazini.

Juu ya hapo mwili wenyewe bado una kazi. Tumbo la uzazi huchukua kiasi cha wiki sita kurudi lilivyokuwa. Damu ya nifasi huenda bado inamtoka kidogo kidogo. Kama alishonwa, mshono ndiyo kwanza umepona. Maziwa yanajaa na kuvuja, kanga zinaloa. Ndiyo maana bibi zetu walimfunga mzazi mkaja, wakamnywesha uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku wa kienyeji, na wakamkataza hata kufagia. Si kila walilofanya tunalifuata, na maji ya moto ya kukandia yakizidi yanaunguza ngozi. Lakini shina la mambo walilijua: mzazi wa siku 33 ni mtu anayeuguzwa, hata kama amevaa dera zuri na anacheka.

Sasa tuje kwenye maneno. Kuna ujumbe mmoja unaozunguka kwenye simu za watu, na bila shaka umeshauona. Unakwenda hivi: heri ya siku ya kuzaliwa mama bora, mwaka huu Mungu amekupa zawadi kubwa kuliko zote, furahia kila dakika maana watoto wanakua haraka, wewe ni shujaa, mama hachoki. Mwisho wake mioyo miekundu sita.

Aliyeutuma ana nia njema, hilo halina shaka. Lakini usome kwa macho ya mtu aliyeamka mara nne usiku huo. "Zawadi kubwa kuliko zote" imemchukua siku yake na kumpa mtoto. Yeye anajua kwamba mtoto ni neema, hahitaji kukumbushwa, na mwaka mzima watu watakuwa wakimuuliza mtoto. Hii ndiyo siku moja ambayo angeulizwa yeye. "Furahia kila dakika" ni amri isiyotekelezeka. Dakika ambayo chuchu imechubuka na mtoto analia saa nane za usiku haifurahishi, na mama akiambiwa aifurahie huanza kujiuliza kama yeye ana kasoro. Ama "mama hachoki", hiyo kwa kweli hatuipendi. Ni sifa inayofunga mdomo. Ukishamwambia mtu kwamba hachoki, atakwambiaje kwamba amechoka?

Lakini jihadhari pia usiende upande wa pili. Kwa Kiswahili chetu, kumwambia mwanamke "umechoka" si kumwonea huruma. "Mwone alivyochoka" maana yake amechakaa, uso umeanguka, hana tena haiba. Wasemao hivyo kwenye milango ya wazazi wanajua wanachokifanya! Kwa hiyo usiandike "najua umechoka sana siku hizi." Uchovu utaje kwa kazi iliyouleta, usiutaje kwa sura yake. Ukisema "pole na makesha," umeitaja kazi. Ukisema "pole kwa usiku wa kuamka amka," umeitaja kazi. Makesha ni neno la heshima kwetu. Mtu hukesha kwa ibada, hukesha kwa mgonjwa, hukesha kwa harusi. Halimshushi mtu.

Na tuna bahati katika lugha yetu kwamba pole na hongera vinakaa pamoja kinywani bila kugombana. Mwanamke akijifungua humwambii hongera peke yake kama aliyepasi mtihani, wala pole peke yake kama aliyefiwa. Unampa yote mawili kwa pumzi moja. Huo ndio muundo wa salamu tunayoitafuta, na hatukuutunga sisi.

Tuwape mfano wa kweli. Mdogo wetu mmoja, kwenye hili kundi letu la watu saba, alijifungua mtoto wake wa mwanzo, wa kike. Kama ada, alirudi kwa mama yake, huko Ng'ambo, kukaa arobaini. Mume anakuja kila jioni baada ya magharibi, anakaa na mwanawe, anaondoka. Siku yake ya kuzaliwa ikaangukia siku ya 33. Yeye ni mwalimu wa skuli, mtu wa maneno na vicheko, ndiye aliyekuwa akiandika salamu za wenzake wote. Safari hii ilikuwa zamu yetu, na hatukutaka aletewe zile salamu za kunakili.

Tulikubaliana kwanza juu ya saa. Vijana hupenda kuwa wa mwanzo, saa sita kamili za usiku simu inalia. Mzazi mfanyie tofauti. Saa sita huenda ndiyo ile saa moja na dakika arubaini yake. Mmoja wetu yuko Maskati, na saa sita za usiku za huko ni saa tano kwetu, naye alishaandaa ujumbe wa sauti wa dakika nne wenye nyimbo. Tukamwomba aache. Ujumbe wa sauti mzazi hawezi kuusikiliza na mtoto amelala kifuani, na simu akiwa nayo mkono mmoja. Maandishi anaweza kuyasoma gizani huku ananyonyesha, na anaweza kuyarudia. Tukatuma asubuhi, saa mbili, baada ya mtoto kukogeshwa, saa ambayo mama yake alituambia huwa yuko macho na ameshakunywa uji wake.

Kisha jina. Tangu alipojifungua, kila mtu amekuwa akimwita Mama Fulani. Ni jina la heshima na yeye analipenda. Lakini siku ya kuzaliwa ni siku ya lile jina alilopewa yeye na wazazi wake. Tukaanza na jina lake, lile la utani tunalomwitia tangu skuli, na la mama tukaliweka baadaye. Jambo hili ni dogo sana na ndilo alilolitaja wa mwanzo aliposoma.

Baada ya kuandika na kufuta, ujumbe wetu ukawa huu:

"Leo ni siku yako wewe, mdogo wetu, kabla hatujamuuliza mtu mwengine yeyote. Hongera kwa kutimiza miaka 27. Pole na makesha, hongera na makesha. Tunajua usiku wako sasa umekatwa vipande vipande, na kila kipande unampa mtu asiyeweza kusema ahsante, basi sisi tunasema kwa niaba yake. Umekuwa mama na bado ni wewe wetu yule yule. Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishie nguvu zako, aweke baraka katika maziwa yako na usingizi wako, na akukuzie mwanao ukiwa mzima. Usijibu. Kesho saa tatu wawili wetu tutapita kuchukua kapu la nguo chafu, tutalirudisha jioni. Hatuingii ndani, hatuli, na usivae kwa ajili yetu."

Tutazame kilichomo, maana kila sentensi ilikuwa na sababu. Pole na hongera zimeunganishwa na neno moja, makesha, ili asione kwamba tunamhurumia kwa kitu kimoja na kumsifu kwa kingine. Cheo chake kipya kimetajwa mara moja, kwa ufupi, na papo hapo tukasema bado ni yeye. Wazazi wa mara ya kwanza wengi wanakuwa na hofu hii ambayo hawaisemi, kwamba yule wa zamani amekwenda wapi, na kama mashoga zake watamtaka bado asipoweza kutoka.

Dua nayo tuliipima. Kwa kawaida tunaandika umri mrefu na mafanikio. Kwa mzazi, umri mrefu ni sawa, lakini kitu anachokihitaji leo ni nguvu, usingizi na maziwa. Dua iliyo karibu na haja ya mtu huingia moyoni. Na angalia, hatukumwandikia "usisahau sala zako" wala "tukutane kwenye kisimamo." Mwanamke akiwa katika nifasi hasali wala hafungi, na hilo ni hukumu, si uvivu. Kwa mafundisho ya Kishafii tunayoyafuata wengi wetu visiwani, nifasi mara nyingi huwa siku 40 na ukomo wake siku 60. Damu ikikatika kabla, hata kama ni siku ya 25, anakoga na anasali, hangojei arobaini. Haya anayajua mwenyewe na si kazi ya salamu za kuzaliwa kumwuliza. Dhikri na dua hazijamfungia mlango, kwa hiyo ukitaka kugusa ibada, mwombe akutie wewe katika dua zake anaponyonyesha usiku. Wengi hufurahi kuombwa hivyo, maana katika siku hizo hujiona kama wako nje ya kila kitu.

"Usijibu" ni neno tulilobishana. Mmoja wetu aliliona kavu. Lakini mzazi akipata jumbe arubaini siku moja, kila moja inakuwa deni. Tukiacha neno hilo, yeye na adabu zake angejibu zote, na kipande cha usingizi kingekwenda huko. Kama linakukwaza, andika "jibu utatupa ukitoka arobaini". Maana ni ile ile.

Na la mwisho ni kapu la nguo. Salamu nyingi humalizika kwa "ukihitaji kitu chochote niambie." Mzazi haambii mtu. Kwanza ana haya, pili hana akili ya kufikiria anahitaji nini, tatu hajui kama ulisema kweli. Taja kitu kimoja, taja siku na saa, na taja usichokitaka kutoka kwake. Nguo za mtoto mchanga kwa siku moja si mchezo, hasa kwa anayetumia nepi za kitambaa. Kama uko mbali, rusha pesa kwenye simu na useme ni za nini: "hii ya kuku wa supu," au "hii mpe anayekufulia." Pesa isiyo na jina huishia kwenye pampasi za mtoto, na mwenye siku yake hapati kitu.

Keki? Hakuna ubaya, ipelekeni, mzazi anakula. Asumini pia. Lakini udi na mafusho mengi ndani ya chumba cha mtoto mchanga tuachane nayo, moshi si rafiki wa kifua kidogo kile. Mfukizieni kanga zake chumba kingine.

Salamu haziwi sawa kwa kila mtu, kwa hiyo tuseme kidogo kuhusu nani anaandika.

Mume ana nafasi ambayo sisi hatuna. Yeye ameyaona au amepaswa kuyaona. Mume wa mdogo wetu alituomba tumwandikie ujumbe, tukakataa, tukamwambia ataje kitu kimoja alichokiona kwa macho yake tangu mtoto azaliwe. Akaandika kwamba alimwona usiku wa akika, wageni wamejaa, amekaa pembeni anamnyonyesha mtoto huku anamuuliza yeye kama amekula. Akamalizia kwamba leo baada ya isha atamchukua mtoto sebuleni mpaka saa tano, ili yeye alale, na ataletewa pale tu akihitaji kunyonya. Hakuna shairi lililoshinda hilo. Kaka zetu mnaosoma kwa kificho, mmesikia.

Mavyaa naye, akiandika, aandike kwa jina la mtu, asiandike kwa jina la mjukuu. "Mjukuu wangu anakutakia heri" ni maneno ya mzaha mazuri, lakini mkwe anataka kujua kama wewe unamwona. Sentensi moja yatosha: "Mwanangu, nimefurahi kwamba wewe ndiye mama wa mjukuu wangu. Pumzika, usiogope maneno ya watu." Na chonde, pasiwepo na swali. Maziwa yanatosha? Mbona mtoto kakonda? Wa pili lini, wa kiume? Hayo yakiingia ndani ya salamu za kuzaliwa, salamu zimeharibika, hata yakizungukwa na maua.

Wenzake wa kazini wasimtaje kazi. "Ofisi haina raha bila wewe" yasomeka kama wito. Waseme tu kwamba nafasi yake ipo na kazi inakwenda.

Na kama alijifungua kwa upasuaji, usiguse habari ya kwamba yeye "hakusikia uchungu." Amepasuliwa tumbo, ameshonwa, na kwa wiki sita za mwanzo huambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Mwandikie: "Pole na mshono, hongera na ujasiri." Kama mtoto alizaliwa njiti na bado yuko wodini, dua ya "mkuze mwanao" inaweza kumchoma. Mwombee shifaa mtoto kwa jina lake, umwombee yeye subira, na umpelekee chakula kule kule hospitali. Aliyempoteza mtoto wake bado ni mzazi, mwili wake uko kwenye arobaini hiyo hiyo na maziwa yanaweza kuja vile vile. Siku yake ya kuzaliwa usiipitishe kimya ukidhani unamsitiri. Mwambie kwa sauti ndogo kwamba unaikumbuka siku yake na unamkumbuka mwanawe. Usimtake afurahi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili tafadhali lisomeni polepole. Salamu ya namna hii, inayompa mtu ruhusa ya kuchoka, mara nyengine hufungua mlango. Anaweza kukujibu kwa ukweli ambao hukuutarajia, na wewe inabidi ujue unasikia nini.

Kulia kulia bila sababu katika siku za mwanzo ni jambo la wanawake wengi. Huja siku ya tatu au ya nne au ya tano hivi, na hupungua lenyewe ndani ya wiki mbili. Mdogo wetu alilia siku ya nne kwa sababu mtu alimletea chai isiyokuwa na iliki. Tukacheka, naye akacheka. Lakini mzazi wa siku 33 ambaye bado analia kila siku, au halii wala hacheki, hataki kumshika mtoto, au hapati usingizi hata mtoto anapolala na mtu mwengine amemshika, huyo si uchovu tena. Ni maradhi, yana dawa na yana wataalamu. Si kukosa imani, na tusimwambie asome tu. Asome, na aende hospitali. Akikwambia kwamba afadhali asingekuwepo, au anaogopa kumdhuru mtoto, au anasikia sauti zisizokuwepo, usimwache peke yake na mpelekeni siku hiyo hiyo.

Vivyo hivyo akikutajia kwa kupita tu kwamba damu imerudi nyingi, nyekundu, inaloanisha pedi nzima kwa saa moja, au ana homa, au titi moja limekuwa jekundu na moto, au kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu. Presha inaweza kumpanda mzazi hata wiki kadhaa baada ya kuzaa, hata kama mimba yake ilikuwa salama. Hapo sahau keki. Tafuta gari. Na kama yuko mzima, mkumbushe tu kwamba ya wiki sita ni kliniki yake yeye, si ya mtoto pekee. Wengi hupeleka mtoto akapimwa uzito na wao wakarudi bila kupimwa hata presha.

Turudi kidogo kwa yule mdogo wetu, maana kuna kitu kimoja ambacho hatukukifikiria sisi, alikifikiria bibi mmoja wa mtaani kwao, jirani wa siku nyingi. Asubuhi ile alikuja na bakuli la boga la nazi, akapita moja kwa moja jikoni, na wa kwanza kumpa mkono alikuwa mama mtu. Akamwambia: "Hongera, miaka 27 leo tangu ulale kitanda hicho." Kisha ndiyo akaingia chumbani kwa binti.

Hatujui kwa nini hatukuwahi kuliona hivyo. Siku ya kuzaliwa ya mtu ni siku ambayo mwanamke mwengine alizaa. Miaka yote tumemtakia heri yule aliyezaliwa, na aliyekuwa na uchungu siku ile yuko pale pale jikoni anakata keki. Kwa mzazi wa siku 33 mambo haya mawili yamekutana ndani ya nyumba moja. Yeye sasa anajua, kwa mwili wake, mama yake alifanya nini siku kama hii. Tangu hapo, tunapomwandikia mzazi mwenye siku yake, tunaandika mbili. Moja yake, na moja fupi kwa mama yake, kama yu hai: "Hongera nawe mama, kwa siku hii." Kama ameshatangulia, tunamtia kwenye dua kwa jina lake, maana hakuna wakati mwanamke anamlilia mama yake kama wakati anapolea mwanawe wa mwanzo.

Mdogo wetu hakujibu siku ile, kama tulivyomwambia. Alijibu usiku wa siku ya pili, saa tisa na robo. Aliandika kwamba amesoma ujumbe wetu mara tatu, kila mara mtoto akinyonya, na kwamba mama yake anauliza nani katufundisha kufua nguo nyeupe pamoja na kanga mpya, maana fulana zote za mtoto zimerudi zambarau.